Karamu ya Oswego: Kati ya Wangapi?

Jioni ya Aprili 18, 1940, waumini wa kanisa moja katika kijiji cha Lycoming, kaunti ya Oswego, jimbo la New York, walikutana kwa karamu katika chumba kilichokuwa chini ya kanisa lao. Chakula kilipakuliwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Mezani kulikuwa na nyama ya nguruwe iliyookwa, spinachi, viazi vya kuponda, saladi ya kabichi, mikate, keki, kahawa, na aiskrimu za aina mbili, ya vanila na ya chokoleti. Usiku huohuo watu wakaanza kutapika. Kesho yake afisa afya wa eneo hilo akatoa taarifa kwamba kuna mlipuko wa ugonjwa wa tumbo, na wachunguzi wakaenda kijijini wakiwa na dodoso.

Mlipuko huo ulikuwa mdogo. Hakuna aliyekufa, na wagonjwa wote walipona ndani ya saa 24 hadi 30. Hata hivyo takwimu zake zimefundishiwa vizazi vya wanafunzi wa afya ya jamii duniani, na sababu yake inaeleweka: watu ni wachache kiasi cha kuhesabika kwa kalamu na karatasi, ilhali ndani yake mna mitego karibu yote inayomkabili mchunguzi wa mlipuko. Mwanafunzi anayezijua vizuri hesabu za Lycoming ameshazielewa dhana tatu zinazowasumbua wengi darasani, yaani kiwango cha visa vipya, kiwango cha ushamiri na hatari linganishi.

Kabla ya hesabu yoyote, wachunguzi walilazimika kukubaliana nani aitwe mgonjwa. Jambo hili huonekana dogo, kumbe ndilo linaloamua kila tarakimu itakayofuata. Ukisema mgonjwa ni yeyote aliyejisikia vibaya wiki ile, utamwingiza mwenye mafua na mwenye maumivu ya kichwa. Ukisema ni yule tu aliyekwenda kwa daktari, utawaacha wengi nje, kwa maana Lycoming ni kama mtu mmoja tu kati ya watano waliougua aliyemwona daktari. Maelezo ya mgonjwa hutaja mambo matatu: dalili, mahali na muda. Hapa dalili zilikuwa kichefuchefu, kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo, bila homa, zikianza ghafla muda mfupi baada ya kula chakula cha karamu ile. Jamaa waliobaki nyumbani hawakuugua, na hilo peke yake lilielekeza vidole kwenye meza ya kanisani.

Waliohudhuria walikuwa 80. Wachunguzi waliweza kuwahoji 75, na kati yao 46 walikuwa wameugua.

Namba 46 ikisimama peke yake haisemi mengi. Wagonjwa 46 katika karamu ya watu 50 ni balaa, lakini wagonjwa 46 katika mkusanyiko wa watu 5,000 uwanjani hawashangazi sana. Kwa hiyo mchunguzi huuliza: kati ya wangapi? Wagonjwa wapya 46, ukiwagawanya kwa watu 75 waliokuwa katika hatari ya kuugua, ni asilimia 61. Hicho ndicho kiwango cha visa vipya. Juu ya mstari wa sehemu wanakaa walioanza kuugua katika kipindi kinachochunguzwa. Chini ya mstari wanakaa wote ambao wangeweza kuugua katika kipindi hichohicho, wagonjwa wakiwemo.

Makosa mengi huanzia chini ya mstari. Je, wale watano ambao hawakuhojiwa waachwe nje? Wachunguzi waliwaacha, kwa kuwa hawakujua hali zao, na uamuzi huo ni wa haki mradi usemwe wazi. Mwanafunzi makini hujaribu kuona ungebadilisha nini. Kama wote watano walikuwa wazima, kiwango ni 46 kati ya 80, asilimia 57 na nusu. Kama wote waliugua, ni 51 kati ya 80, karibu asilimia 64. Tofauti ni ndogo, hivyo picha ya mlipuko haibadiliki. Lakini kama wangehojiwa watu 40 tu, na waliokubali kuhojiwa wakawa zaidi ni wale walioteseka usiku ule, asilimia inayopatikana ingekuwa ya kupotosha kabisa hata kama kugawanya kumefanywa bila kosa.

Vilevile, kiwango cha visa vipya hakikamiliki bila muda. Katika karamu ya jioni moja muda unajieleza wenyewe, kwa sababu watu wote walikula ndani ya saa chache na kuugua ndani ya saa chache. Kwa ugonjwa unaoambukiza mwaka mzima ni lazima kutaja kipindi: visa vipya kwa mwezi, au kwa mwaka, kwa kila watu 1,000 au 100,000. Asilimia moja kwa wiki na asilimia moja kwa mwaka zikiandikwa bila kipindi zinafanana, na msomaji hana namna ya kuzitofautisha.

Kiwango cha ushamiri hujibu swali jingine. Hakiulizi ni wangapi wameanza kuugua. Kinauliza ni wangapi wanaumwa sasa, wawe wameanza leo au miaka kumi iliyopita. Tuseme mkaguzi angefika Lycoming usiku wa manane baada ya karamu na kubisha hodi kila nyumba. Angekuta watu wengi wakitapika, na ushamiri ungekuwa mkubwa. Angefika jioni ya Aprili 21, siku tatu baadaye, angekuta watu wako mashambani na jikoni wakiendelea na kazi, na ushamiri ungekuwa umeshuka hadi sifuri au karibu na sifuri. Kiwango cha visa vipya cha karamu ile, hata hivyo, kingebaki palepale, asilimia 61, kwa sababu waliougua hawakuacha kuwa waliougua kwa kupona.

Ndiyo maana katika mlipuko wa sumu ya chakula au kipindupindu hakuna mchunguzi anayepoteza muda kupima ushamiri. Mgonjwa hupona au hufa upesi mno, na kipimo cha siku moja hutegemea zaidi saa aliyofika mpimaji kuliko ukubwa wa mlipuko.

Kwa ugonjwa unaodumu mambo hugeuka. Utafiti wa kitaifa wa VVU uliofanyika Tanzania mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwamba asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakiishi na virusi hivyo. Huo ni ushamiri. Utafiti huohuo ulikadiria maambukizi mapya kuwa asilimia 0.18 kwa mwaka, yaani takriban watu 60,000 wapya kila mwaka. Mtu akizisoma tarakimu hizi mbili bila kujua zinapima nini, atadhani moja imekosewa. Zote ni sahihi. Ushamiri ni mkubwa mara nyingi kuliko maambukizi mapya kwa kuwa anayeambukizwa leo, akipata dawa za kufubaza virusi, ataishi miongo kadhaa, na kila mwaka atahesabiwa tena miongoni mwa wanaoishi na VVU.

Ugonjwa ukiwa katika hali ya utulivu, na ushamiri ukiwa mdogo, ushamiri hukaribia kiwango cha visa vipya mara muda ambao ugonjwa hudumu. Hapo huzaliwa jambo linalowachanganya hata waandishi wa habari wazoefu: ushamiri unaweza kupanda kwa sababu njema. Dawa zikizuia vifo, wagonjwa wanaishi muda mrefu zaidi, na idadi yao inaongezeka hata kama maambukizi mapya yanapungua. Kichwa cha habari kinachotangaza kwamba ugonjwa umeongezeka kwa kuwa ushamiri umepanda kinaweza kuwa kinalaumu mafanikio ya hospitali. Anayetaka kujua kama kinga inafanya kazi atazame visa vipya. Anayepanga idadi ya vitanda, dawa na wauguzi atazame ushamiri.

Turudi Lycoming, ambako swali lililobaki ni gumu zaidi: chakula kipi?

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuwauliza wagonjwa walikula nini. Kati ya wagonjwa 46, waliokula nyama ya nguruwe walikuwa 29. Hao ni asilimia 63, na nyama ni chakula ambacho kila mtu yuko tayari kukishuku. Waliokula keki walikuwa 27. Waliokula spinachi walikuwa 26. Mchunguzi anayesikiliza wagonjwa peke yao angeweza kuipeleka nyama mahabusu siku hiyohiyo.

Lakini wapo watu 29 waliobaki wazima, na wao pia walikula. Ushahidi wao una uzito uleule. Katika hao wazima 29, 17 walikuwa wamekula nyama ya nguruwe, asilimia 59, karibu sawa kabisa na wagonjwa. Nyama ilikuwa chakula kilichopendwa, na ndiyo sababu ilionekana sana kwenye midomo ya wagonjwa kama ilivyoonekana kwenye midomo ya wazima.

Kwa kuwa kundi zima la walaji lilijulikana, wachunguzi wa mlipuko kama huu hugeuza swali. Badala ya kuanza na wagonjwa na kurudi kwenye chakula, huanza na chakula na kwenda kwenye ugonjwa. Waliokula nyama walikuwa 46 (namba hii imelingana kwa bahati na ile ya wagonjwa, na imewapoteza wanafunzi wengi), na kati yao 29 waliugua: asilimia 63. Wasiokula nyama walikuwa 29, na kati yao 17 waliugua: asilimia 59. Sasa gawanya asilimia ya kwanza kwa ya pili. Jibu ni karibu 1.1. Jibu hilo ndilo hatari linganishi, na maana yake ni kwamba aliyekula nyama alikuwa na uwezekano wa kuugua karibu sawa na asiyekula. Hatari linganishi ikiwa 1, chakula hakihusiani na ugonjwa. Ikizidi 1, walaji wameugua zaidi. Ikipungua chini ya 1, walaji wameugua kidogo kuliko wenzao.

Kwa aiskrimu ya vanila, hesabu ikawa tofauti kabisa. Waliokula walikuwa 54, na 43 kati yao waliugua, karibu asilimia 80. Wasiokula walikuwa 21, na waliougua ni watatu tu, asilimia 14. Themanini kwa kumi na nne: hatari linganishi ni karibu 5.6. Mlaji wa vanila alikuwa na uwezekano wa kuugua unaozidi mara tano ule wa asiyeila.

Angalia kwamba si namba ya juu peke yake inayotia hatiani. Vyakula kadhaa vya meza ile vilikuwa na wagonjwa zaidi ya nusu ya walaji wake, kwa sababu walaji wa chakula hicho walikuwa pia wamekula vanila. Chakula kilichobeba sumu hujulikana kwa dalili mbili zinazokwenda pamoja: walioila wameugua kwa wingi, na wasioila wamesalimika kwa wingi. Ni vanila pekee iliyokuwa na asilimia ndogo upande wa wasiokula.

Sehemu yenye mafunzo kuliko zote ni aiskrimu ya chokoleti. Walioila walikuwa 47, wakaugua 25, asilimia 53. Wasioila walikuwa 27, wakaugua 20, asilimia 74. (Mhojiwa mmoja hakuingia katika hesabu hii kwa kuwa haikujulikana kama aliila.) Hatari linganishi ni 0.7. Kwa kuisoma juujuu, chokoleti ilikuwa kinga ya kutapika, na mtu mwenye haraka angeweza kuandika kwamba chokoleti huua vijidudu.

Chokoleti haikumkinga mtu yeyote. Aliyetaka aiskrimu na hakuchukua chokoleti alibaki na vanila tu. Hivyo kundi la wasiokula chokoleti lilikuwa limejaa walaji wa vanila, na ndiyo maana waliugua sana. Katika kundi la waliokula chokoleti walikuwamo watu ambao hawakugusa vanila, nao walishusha wastani wa kundi zima. Chokoleti imepewa sifa ya jambo lililofanywa na kutokuwepo kwa vanila. Hali hii, ambapo kitu cha tatu kinaufanya uhusiano wa vitu viwili uonekane usivyo, ndiyo inayoharibu tafiti nyingi kuliko makosa ya kujumlisha na kutoa.

Namna ya kuigundua ni kuwatenga watu. Mchunguzi huwachukua kwanza waliokula vanila peke yao, kisha ndani yao hulinganisha waliokula chokoleti na wasiokula. Halafu hurudia hivyohivyo kwa wasiokula vanila. Kama chokoleti ni kinga kweli, tofauti itaonekana katika makundi yote mawili. Kama ilikuwa kivuli cha vanila, tofauti itayeyuka. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu watu wengi walichanganya. Waliokula vanila ni 54 na waliokula chokoleti ni 47, jumla 101, ilhali waliohojiwa ni 75, kwa hiyo walau watu 26 walikula zote mbili.

Udogo wa mlipuko una gharama yake. Saladi ya matunda ililiwa na watu sita tu, na wanne kati yao waliugua. Asilimia 67 inatisha, lakini mmoja wao akihamishwa kutoka upande wa wagonjwa kwenda upande wa wazima, asilimia inaanguka hadi 50. Tarakimu inayotikisika kiasi hicho kwa mtu mmoja haiwezi kubeba hukumu. Hata vanila yenyewe haina usahihi ambao 5.6 inaonyesha. Kwa kuwa upande wa wasiokula walikuwapo wagonjwa watatu tu, kadirio la haki linakubali kwamba hatari linganishi ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 1.9 na 16. Kwamba vanila ilihusika ni jambo thabiti, kwa sababu hata mwisho wa chini wa kadirio umeizidi 1. Ilihusika kwa nguvu mara ngapi hasa, karamu moja haiwezi kusema.

Na wale watatu walioumwa bila kula vanila? Wanafunzi hupenda kuwaona kama dosari inayobomoa hoja. Katika uchunguzi wa kweli watu wa namna hii huwapo karibu kila mara. Huenda mmoja alisahau, au alionja kwenye sahani ya mtoto wake. Huenda kijiko kilichopakulia vanila kiliingia katika chokoleti. Huenda mmoja aliumwa tumbo kwa sababu zake binafsi usiku uleule. Mchunguzi hurudi kuwauliza upya kwa upole, na asipopata jibu huwaacha katika hesabu kama walivyo. Kuwafuta ili asilimia ipendeze ni kughushi.

Saa nazo zilitoa ushahidi. Kwa wale ambao muda wao wa kula ulijulikana, ugonjwa ulianza kati ya saa tatu na saa saba baada ya chakula. Muda mfupi namna hiyo, pamoja na kutapika kwingi bila homa, ni alama ya sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula na bakteria aina ya stafilokokasi. Bakteria wanaohitaji kwanza kuzaliana tumboni huchukua muda mrefu zaidi. Na alikuwapo mtoto mmoja aliyepewa kibakuli cha vanila saa 5 asubuhi ya Aprili 18 alipokuwa akitazama aiskrimu ikigandishwa, akaugua alasiri, kabla karamu haijaanza. Hakuwa amekula nyama wala spinachi ya karamu, maana havikuwa vimepakuliwa.

Historia ya jikoni ikalingana na hayo. Maziwa mabichi yalichemshwa mchana wa Aprili 17 pamoja na sukari, mayai na unga kidogo, kisha michanganyiko miwili, kila mmoja katika chombo chake chenye kifuniko, ikapelekwa kanisani saa 12 jioni na kukaa usiku kucha bila kupoozwa. Asubuhi iliongezwa vanila na maziwa mazito ya kopo, ndipo ikagandishwa. Kugandisha hakuharibu sumu ya stafilokokasi. Maabara ya jimbo huko Albany iliwakuta bakteria hao kwa wingi katika aiskrimu ya vanila, na wachache tu katika ya chokoleti. Waliingiaje hasa katika chombo kimoja na si kingine halikuthibitishwa, ingawa bakteria wa jamii hiyo walikutwa pia puani mwa mmoja wa waandaaji.

Hatari linganishi iliwezekana kwa sababu idadi ya walaji wote ilijulikana. Mara nyingi haijulikani. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yalipowaua watu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliripotiwa wagonjwa 317 na vifo 125, na hakuna ambaye angeweza kuorodhesha kila aliyekula mahindi yale. Wachunguzi walichukua wagonjwa 40 na majirani wazima 80, wakalinganisha namna walivyohifadhi nafaka, na mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yakajitokeza. Katika utafiti wa aina hiyo wachunguzi ndio wanaoamua idadi ya wazima watakaochukuliwa, kwa hiyo kugawanya wagonjwa kwa jumla hakuleti kiwango chochote cha maana. Kipimo kinachotumika ni hiki: wagonjwa kwa wazima upande wa waliokumbwa na kisababishi, ukigawanywa kwa wagonjwa kwa wazima upande wa wasiokumbwa.

Ugonjwa ukiwa adimu, kipimo hicho hukaribiana na hatari linganishi. Ukiwa umewapata wengi, hukimbia mbali. Jaribu kwa vanila ya Lycoming: 43 kwa 11 upande mmoja, 3 kwa 18 upande wa pili. Jibu ni zaidi kidogo ya 23, kwa watu walewale na aiskrimu ileile iliyotoa 5.6. Ripoti ikiandika kwamba walaji walikuwa na hatari mara 23, msomaji ana haki ya kurudi kwenye jedwali na kuangalia ni kipi kiligawanywa kwa kipi.